Kingamwili ya kwanza, kingamwili ya pili: mwongozo wa ELISA na imunofluoresensi kwa anayetafuta sporozoiti kwenye mbu

Kila kundi jipya likiingia maabara ya wadudu, swali ni lile lile: "Kingamwili yangu ni ya panya. Kwa nini nisiongeze kingamwili ya pili dhidi ya panya, yenye kimeng'enya, ili rangi ikolee?" Kwenye slaidi utaihitaji hiyo ya pili. Kwenye sahani ya ELISA ya sporozoiti ukiiweka, vishimo vyote 96 vitageuka kijani, hata vile ambavyo havijawahi kuona mbu. Ukielewa kwa nini, umeshaelewa sehemu kubwa ya kuchagua kingamwili. Nimeandika mwongozo huu ili niwe nauelekezea tu badala ya kueleza upya kila mara.

Mfano wetu ni mmoja, mwanzo hadi mwisho: tunatafuta protini ya CSP, ile inayofunika mwili wa sporozoiti ya Plasmodium falciparum, kwa kutumia kingamwili ya monoklono iitwayo 2A10. Kwanza tutaitafuta kwa ELISA kwenye mbu waliokaushwa, halafu kwa imunofluoresensi kwenye tezi za mate za mbu wabichi.

Nadharia kidogo, haizidi hapa

Kingamwili ina umbo la herufi Y. Ncha mbili za juu hushika kitu kimoja mahususi. Mguu wa chini unaonyesha mnyama aliyeitengeneza. Kingamwili ya kwanza hushika kile unachokitafuta. Ya pili hupatikana kwa kumchanja mnyama mwingine, mara nyingi mbuzi au punda, kwa kingamwili za panya, kisha kukusanya zile anazotengeneza dhidi yake. Kwa hiyo ya pili haijui sporozoiti ni kitu gani. Inachokijua ni panya tu, na kila ilipo kingamwili ya panya itajishika, uwe umeiweka wewe au imeingia kwa njia nyingine.

Sasa turudi kwenye lile swali. ELISA hii ni ya kunasa: 2A10 ya kwanza imegandishwa chini ya kishimo, CSP inanaswa juu yake, kisha 2A10 nyingine iliyounganishwa na kimeng'enya cha peroksidesi inakuja kuishika CSP hiyo hiyo kwa juu. Ukiweka kingamwili dhidi ya panya, itaikuta ile iliyogandishwa chini na kuishika moja kwa moja, CSP iwepo isiwepo. Ndiyo maana kwenye sahani hii hakuna kingamwili ya pili kabisa, na kimeng'enya kimebebwa na 2A10 yenyewe.

Utauliza: kingamwili moja inawezaje kunasa na pia kutambua, wakati mahali pake pa kushika pameshakaliwa? Kwa antijeni nyingi haiwezekani. Utahitaji jozi ya kingamwili zinazoshika sehemu mbili tofauti. CSP inaturuhusu kwa sababu katikati yake kuna asidi amino nne, NANP, zinazojirudia mara kama 40. Nafasi zipo za kutosha. Marudio hayo hayo ndiyo yaliyotumika kutengeneza chanjo ya malaria ya RTS,S. Ila usiichukue ruhusa hii ukaipeleka kwenye protini nyingine. Ukitaka kupima kitu kisicho na marudio kwa kingamwili moja ya monoklono juu na chini, utapata sahani nyeupe na utahangaika bure.

Jinsi ya kuchagua kingamwili kabla ya kununua

Anza na sampuli, usianze na orodha ya bei. Jiulize maswali haya kwa mpangilio huu.

Je, kingamwili ya kwanza inaushika mlengwa ukiwa katika hali utakayoupima? Kuna zinazoshika protini iliyokunjuliwa tu, na kuna zinazohitaji umbo lake kamili. Iliyothibitishwa kwenye utando wa protini si lazima ifanye kazi kwenye slaidi iliyogandishwa kwa formalini. Tafuta jina la klono na matumizi iliyojaribiwa. Jina la klono lina uzito kuliko jina la muuzaji. Pia jua mipaka yake: 2A10 ni ya falciparum pekee. Mbu mwenye sporozoiti za vivax atasoma hasi, kwa hiyo palipo na vivax unahitaji vishimo vingine vyenye kingamwili za VK210 na VK247, aina mbili za CSP ya vivax.

Imetoka kwa mnyama gani, na ni ya aina gani? Ikiwa ya kwanza ni IgG ya panya mdogo, ya pili iwe dhidi ya IgG ya panya mdogo. Panya mdogo na panya mkubwa wa maabara ni wanyama wawili tofauti hapa, soma lebo vizuri. Ikiwa ya kwanza ni IgM, kununua ya pili inayoshika mguu wa IgG peke yake ni kutupa pesa.

Kuna damu ya mnyama gani ndani ya sampuli? Hapa ndipo kwenye utamu, na ndipo wengi wanapoteleza. Mbu ni mfuko wa damu za watu na mifugo. Kingamwili ya pili ya bei rahisi dhidi ya panya inaweza kushika kidogo kingamwili za binadamu au ng'ombe, kwa kuwa miguu ya IgG za wanyama wanyonyeshao inafanana. Nunua iliyosafishwa dhidi ya seramu za binadamu na ng'ombe, utaona imeandikwa kwenye karatasi yake. Na kama unafanya kazi na Plasmodium berghei, ambapo mbu wamelishwa juu ya panya, tumbo la mbu limejaa IgG halisi ya panya na hakuna usafishaji utakaokuokoa. Subiri damu iishe kumeng'enywa, au tumia kingamwili ya kwanza iliyobeba rangi yake yenyewe.

Hadubini yako inaona rangi gani? Angalia vichujio vilivyomo kabla ya kuchagua. Kama una cha kijani na cha bluu tu, chukua ya pili yenye Alexa Fluor 488, na DAPI kwa viini. Ukitaka kuona milengwa miwili kwa pamoja, kingamwili za kwanza zitoke kwa wanyama wawili tofauti, tuseme panya na sungura, na za pili zote zitoke kwa mnyama mmoja wa tatu. Kama za kwanza ni za sungura na mbuzi, nawe ukachanganya mbuzi dhidi ya sungura na punda dhidi ya mbuzi, punda atamshika mbuzi na rangi zako zote mbili zitakaa mahali pamoja. Picha itapendeza sana, na itakuwa ya uongo.

Unachohitaji

Kwa ELISA: sahani ya vishimo 96 inayogandisha protini, PBS ya pH 7.4, 2A10 ya kunasa, 2A10 yenye peroksidesi, kontroli chanya ya protini ya CSP iliyotengenezwa maabara, na mbu saba wasio na maambukizi kutoka kwenye kizimba. Bafa ya kuziba ni PBS yenye BSA asilimia 1 na kaseini asilimia 0.5. Bafa ya kusagia ni hiyo hiyo ikiongezwa IGEPAL CA-630 asilimia 0.5. Ya kuoshea ni PBS yenye Tween 20 asilimia 0.05. Utahitaji pia ABTS, kemikali ambayo peroksidesi huigeuza rangi, yenye haidrojeni peroksaidi, na kisomeo cha nanomita 405 hadi 414.

Kwa slaidi: slaidi zenye duara, sindano za kupasulia, paraformaldehaidi asilimia 4, BSA, 2A10 isiyo na kimeng'enya, kingamwili ya mbuzi dhidi ya IgG ya panya yenye Alexa Fluor 488, DAPI na gundi ya kufunikia.

Jambo moja la kuangalia leo kabla ya kesho: kama PBS yako au chupa yoyote ya bafa ina azidi ya sodiamu, iweke mbali na ELISA hii. Azidi huua peroksidesi. Kwenye slaidi haina shida.

ELISA, hatua kwa hatua

1. Kata mbu kati ya kifua na tumbo, ubaki na kichwa na kifua. Usilifanyie hili uvivu. Vifuko vya vimelea kwenye ukuta wa tumbo navyo vina CSP, na ukimsaga mbu mzima utahesabu kama mwambukizaji mbu ambaye sporozoiti bado hazijamfika mateni.

2. Andaa kingamwili ya kunasa. Kila kishimo kinahitaji maikrogramu 0.2 ndani ya maikrolita 50, yaani maikrogramu 4 kwa mililita. Vishimo 96 vinakula mililita 4.8, basi tengeneza 5. Hiyo ni maikrogramu 20. Kama akiba yako ina miligramu 0.5 kwa mililita, chota maikrolita 40. Weka maikrolita 50 kila kishimo, funika, acha dakika 30 kwenye joto la chumba. Iyeyushe kwenye PBS tupu, kamwe si kwenye bafa ya kuziba, maana BSA itawahi kukalia plastiki na 2A10 itakosa pa kushika.

3. Mwaga, kung'uta juu ya karatasi ya kufyonza, weka maikrolita 200 za bafa ya kuziba, acha saa 1.

4. Wakati huo msage mbu ndani ya maikrolita 50 za bafa ya kusagia kwa mchi mdogo wa plastiki. Suuza mchi ndani ya kichupa hicho hicho kwa maikrolita 100 za bafa ya kuziba, kisha 100 nyingine, jumla iwe 250. Kabla ya mbu anayefuata osha mchi kwa PBS-Tween na uupanguse ukauke. Mbu mmoja mwenye maambukizi mazito anaweza kuwapaka wawili watatu wanaomfuata.

5. Mwaga bafa ya kuziba. Weka maikrolita 50 za kila mbu, pamoja na mbu saba wa kizimba na kontroli chanya. Funika, acha saa 2. Vichupa vilivyobaki viweke kwenye friza, utavihitaji.

6. Osha mara mbili kwa maikrolita 200 za PBS-Tween.

7. Weka 2A10 yenye peroksidesi, maikrogramu 0.05 kwa kila kishimo ndani ya maikrolita 50. Kwa mililita 5 unahitaji maikrogramu 5, yaani maikrolita 10 za akiba ya miligramu 0.5 kwa mililita. Acha saa 1.

8. Osha mara tatu. Hapa usifanye haraka: kilichobaki bila kushikwa ndicho kitakachokupa rangi ya bure.

9. Weka maikrolita 100 za ABTS, acha dakika 30, soma. Rangi ni kijani. Kama maabara yako ina TMB badala ya ABTS, hiyo ni bluu, ikisimamishwa kwa asidi inakuwa njano na husomwa nanomita 450. Kuisoma kwa 405 ni kujipotezea sahani.

Kusoma matokeo

Tuseme mbu saba wa kizimba wamesoma 0.06, 0.07, 0.08, 0.07, 0.09, 0.07 na 0.05. Wastani ni 0.07. Utaratibu uliozoeleka ni kuzidisha wastani huo mara mbili, hivyo kikomo ni 0.14, na kinachozidi hapo kinaitwa chanya kwa muda.

Mbu A amesoma 1.62 na mbu B amesoma 0.19. Wote wamevuka. Ukiandika chanya wawili ukaenda nyumbani, huenda umeongeza mmoja ambaye hayupo. Imeonekana kwamba mbu wanaopenda ng'ombe, Anopheles arabiensis akiwemo, wanaweza kutoa chanya ya uongo kwenye ELISA hii kutokana na vitu visivyohimili joto. CSP inahimili. Basi rudi kwenye vile vichupa vya friza: chemsha nyuzi 100 kwa dakika 10, acha vipoe na mabonge yatue, chukua maji ya juu, urudie kipimo. Chemsha na kontroli chanya pamoja, ili ukiona hasi ujue si kwamba umeua kila kitu. Mfano wetu ukirudi na A 1.48 na B 0.06, A ni chanya na B ni wa ng'ombe.

Mimi nachemsha kila chanya bila kuangalia imesoma kiasi gani. Palipo na mifugo mingi na maambukizi machache, chanya za uongo chache tu zinatosha kuongeza kiwango cha mbu wenye sporozoiti mara kadhaa.

Imunofluoresensi, hatua kwa hatua

Hapa mbu wawe wabichi. Aliyekaushwa kwa silika anafaa ELISA tu, tezi zake huwezi kuzitoa. Kama mmewalisha mbu wenyewe maabara, subiri wiki mbili hivi baada ya mlo wenye maambukizi. Kumbuka sporozoiti hizi ni hai na sindano zako ni kali. Vaa glovu na pasua taratibu.

1. Toa tezi za mate ndani ya tone la PBS, ziponde kidogo, weka maikrolita 10 kwenye duara la slaidi. Duara jingine liwe la tezi za mbu wa kizimba.

2. Acha ikauke hewani, kisha weka paraformaldehaidi kwa dakika 15. Osha kwa PBS mara tatu. Usiweke 2A10 juu ya sporozoiti hai ukitegemea kuzigandisha baadaye: kingamwili huzikusanya CSP za juu ya mwili na sporozoiti huzivua kwa nyuma kama mkia. Utaona mikia ing'aayo na miili hafifu.

3. Ziba kwa BSA asilimia 3 ndani ya PBS, dakika 30 hadi saa 1. Kutoboa utando kwa Triton hakuhitajiki, kwa kuwa CSP iko nje.

4. Weka 2A10. Usikisie kiwango. Duara moja liwe la maikrogramu 10 kwa mililita, jingine 3, jingine 1. Acha saa 1 ndani ya kisanduku chenye karatasi iliyolowa, maana tone likikauka protini zote hung'ang'ania kioo.

5. Duara moja lenye sporozoiti usiliwekee 2A10, liwekee bafa tupu. Jingine liwekee kingamwili ya panya ya aina ndogo ile ile ya IgG isiyohusiana na malaria, kwa kiwango kile kile. Maduara haya mawili ndiyo watu huruka ili kuokoa kingamwili, na bila hayo huwezi kumjibu anayekuuliza kama mng'ao wako ni wa CSP.

6. Osha mara tatu, dakika 5 kila mara. Weka kingamwili ya pili, 1 kwa 500 ukianzia, kwenye maduara yote, saa 1 gizani.

7. Osha tena mara tatu. Kwenye uoshaji wa kati weka DAPI maikrogramu 1 kwa mililita, dakika 5. Funika.

8. Anza kuangalia duara lisilo na 2A10. Rekebisha mwanga mpaka liwe jeusi, kisha usiguse tena mipangilio unapohamia maduara mengine. Ukianza na lenye mng'ao, jicho litakudanganya.

Sporozoiti halisi ni nyembamba, imejikunja kidogo, ina urefu wa maikromita kumi na kitu, na kijani kimeizunguka mwili mzima na kukolea pembezoni. Ndani yake DAPI inaonyesha kiini kimoja. Kipande kinachong'aa bila umbo na bila kiini ni ganda la mbu. Ganda hilo hung'aa lenyewe kwa kijani hata bila kingamwili yoyote.

Ikigoma

*Sahani nzima ni kijani, mpaka mbu wa kizimba.* Kwanza hakikisha hakuna aliyeweka kingamwili dhidi ya panya. Pili, punguza konjugeti, yaani 2A10 yenye peroksidesi, kwa nusu na uoshe mara moja zaidi. Kama vishimo vyenye bafa tupu viko safi na vya mbu wa kizimba ndivyo vina rangi, mshuku mchi.

*Kontroli chanya haina rangi.* Changanya tone la konjugeti na ABTS kwenye kichupa. Isipogeuka kijani, shida ni azidi, konjugeti iliyokufa au haidrojeni peroksaidi ya zamani. Ikigeuka, shida iko chini: 2A10 haikuganda, au kontroli yako ni ya vivax.

*Vishimo vya pembeni vimekolea kuliko vya katikati.* Sahani haikufunikwa na pembeni kumekauka, au ilitoka baridi moja kwa moja.

*Slaidi yote inang'aa, pamoja na duara lisilo na 2A10.* Hiyo ni ya pili. Ipunguze hadi 1 kwa 1000, na kama tezi zilikuja na damu, badilisha kwa iliyosafishwa dhidi ya binadamu na ng'ombe.

*Duara lisilo na 2A10 ni jeusi, lakini lenye kingamwili isiyohusiana linang'aa.* Kuziba hakukutosha, au kiwango cha ya kwanza ni kikubwa mno. Linganisha na lile duara la maikrogramu 1.

*DAPI inaonyesha viini vyembamba vya sporozoiti, kijani hakuna.* Jaribu 2A10 hiyo hiyo kwenye sahani iliyopakwa kontroli chanya ya CSP moja kwa moja, kisha weka ya pili yenye peroksidesi dhidi ya panya. Hapa chini hakuna panya, kwa hiyo hiyo ya pili inaruhusiwa. Ikitoa rangi, 2A10 ni nzima na kosa liko kwenye slaidi au kwenye ile yenye Alexa. Isipotoa, jaribu 2A10 ya chupa nyingine, na kama ya pili haijawahi kukufanyia kazi kwenye kipimo kingine chochote, ianzie hiyo.